Chuma Hakitanuki, Brathe

Wasee, leo niacheni niongee kuhusu buti. Zile za sefti, zenye chuma mbele. Najua kuna wenye wanazivaa kwa sababu ya mapicha tu, na wanapendeza, siwapingi. Mimi naongea na yule anayezivaa kwa sababu kuna kitu kizito kinaweza kumwangukia mguuni.

Msimamo wangu ni huu: buti ya chuma ambayo hujaivaa siku nzima bado hujaijaribu. Na mwajiri anayegawa buti kwa kuuliza tu "unavaa namba gani?" hajampa mtu kinga. Amempa kitu ambacho kikifika saa nane mchana kitavuliwa na kuanikwa kando ya lori.

Nimeyajuaje haya? Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani Mogogosiek. Hii ni Bomet, upande wa Konoin, mahali chai imejaa kila upande na kupata barabara tambarare ni bahati. Viwanda vya chai hunyausha na kukausha majani kwa joto la boila, na boila nyingi za huku zinakula kuni. Hizo kuni hazijipakii. Kwa hivyo mtoto wa yunivasiti akajikuta anapakia magogo ya mikaratusi kwenye lori la mtu binafsi. Gogo bichi la mita moja, nene kama sahani ya ugali, linafika kilo 30 hivi. Likiteleza mkononi haliulizi ulisomea nini.

Nikaenda kununua buti asubuhi na mapema, kabla sijachoka. Raba zangu ni 42, nikaitisha 42. Nikavaa na soksi nyembamba, nikapiga hatua nne juu ya kipande cha katoni, nikasikia vidole vimekaribiana kidogo na chuma. Muuzaji akaniambia, "Usijali kijana, italegea tu." Nikalipa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Si kwamba ni uongo mtupu. Ngozi ya buti kweli hulegea, pale juu ya mguu inapokunja, pembeni, na kwenye kifundo. Lakini kofia ya chuma iliyo mbele hailegei. Imetengenezwa makusudi isilegee, hata ikiangukiwa na gogo. Sasa kama vidole vyako vinabanwa na chuma siku ya kwanza, vitabanwa na chuma hichohicho mwaka ujao. Kitakachobadilika ni kidole.

Siku ya kwanza kazini, mpaka saa nne nilikuwa sawa. Saa sita nikaanza kusikia joto kwenye kidole kidogo. Saa nane tulikuwa tunashuka mteremko na magogo begani, na kila hatua kidole gumba kilikuwa kinagonga chuma, ko, ko, ko. Jioni nilipovua, kucha mbili zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Moja ilikuja kutoka yote.

Mzee mmoja aliyekuwa anashika msumeno wa mashine aliniangalia akacheka, halafu akauliza, "Mwanangu, ulinunua hizo asubuhi, sivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaniambia, "Miguu ya asubuhi na miguu ya jioni si ya mtu mmoja."

Nilidhani ni mafumbo ya wazee mpaka nikachukua karatasi na rula. Asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani, mguu wangu wa kulia ulikuwa sentimita 26.6. Jioni baada ya kazi, nikiwa nimesimama na uzito wote juu yake, ulikuwa 27.0. Ukisimama unyayo hulala na mguu hurefuka kidogo, na ukishinda umesimama hadi jioni mguu huvimba. Ni kitu cha kawaida, si ugonjwa.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Katika namba za Ulaya, ambazo ndizo zimeandikwa kwenye buti nyingi, namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hivyo 42 ni karibu sentimita 28.0 za urefu wa ndani, na 43 ni karibu 28.7. Kwa mguu wangu wa asubuhi, 42 iliniachia sentimita 1.4, ndiyo maana dukani nilidhani inaweza kukubali. Kwa mguu wa jioni iliniachia 1.0. Toa unene wa soksi ya kazi, toa vile mguu unasonga mbele ukishuka mteremko, inabaki nini? Inabaki ko, ko, ko. Kumbe 43 ingeniachia 1.7 jioni. Nafasi ya kutafuta kati ya kidole kirefu na chuma ni kama upana wa kidole gumba cha mkono, yaani sentimita moja na nusu hivi, na ipimwe kwa mguu wa jioni. Viwanda vinatofautiana, kwa hivyo hesabu hii inakuonyesha pa kuanzia. Anayeamua ni mguu.

Na hapa buti ya chuma ina ujanja wake. Raba unaweza kuibonyeza mbele kwa kidole ukasikia mguu umeishia wapi. Buti hii ukibonyeza unasikia chuma tu. Kwa hivyo fanya hivi. Legeza kamba zote, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse chuma polepole, kisha ingiza kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimishwa, urefu uko karibu na sawa. Kisha sukuma kisigino nyuma kabisa, funga kamba vizuri, na uchezeshe vidole vyote. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uisimamie: utaona kwa macho nafasi iliyobaki mbele, na kama kidole kidogo kinamwagika nje ya ukingo. Kikimwagika, shida yako ni upana, na kuongeza urefu hakutakusaidia sana. Tafuta muundo mpana.

Kuna wale watasema, "Si basi ninunue kubwa kabisa nijaze soksi?" Apana. Mguu ukielea ndani, kisigino kinapanda na kushuka na kukuletea malengelenge, na vidole vinaweza kukaa nyuma sana, nje ya sehemu iliyofunikwa na chuma. Na ile tabia ya kuongeza soli ya pili ndani ina hatari ambayo watu hawaifikirii. Buti yenye alama ya ISO 20345 hupimwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 20 kutoka karibu mita moja juu. Chuma kinaruhusiwa kushuka kidogo, lakini kwa buti ya namba 42 ni lazima chini yake ibaki nafasi ya milimita 14. Hiyo ndiyo nafasi ya kidole chako kupona. Ukiweka soli nyingine nene, umeinua vidole kuelekea chuma na umekula sehemu ya hizo milimita 14 wewe mwenyewe.

Haya, sasa siku nzima inajaribiwaje bila kuharibu buti? Kwanza ongea na muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni: ukirudisha ikiwa safi, atakubadilishia namba? Akikataa, angalau nenda dukani jioni baada ya kazi, na soksi zako za kazi, na ukae nazo miguuni dakika ishirini, si mbili. Akikubali, chagua siku huna kibarua. Zivae asubuhi, ndani ya nyumba, juu ya sakafu safi, ushinde nazo mpaka jioni. Usikae tu kwa kochi. Simama, chuchumaa kama unaokota gogo, piga goti, beba debe la maji kutoka chumba kimoja hadi kingine, panda na ushuke ngazi kama zipo. Ngazi ndizo mteremko wako wa Mogogosiek.

Kila baada ya saa chache jiulize wapi panauma. Kama ni ngozi inayokwaruza kifundo au inayokaza pale mguu unapokunja, na maumivu yanapungua kadiri siku inavyoenda, hiyo inaweza kuzoeana na wewe. Kama ni vidole vinagusa chuma, au ukingo wa nyuma wa ile kofia unakata juu ya vidole ukichuchumaa, au kidole kimekufa ganzi, hiyo haitapona. Rudisha. Jioni vua soksi uangalie: alama nyekundu kwenye ncha ya kidole au pembeni mwa kidole kidogo ni jibu tosha.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu ya jamaa tuliyekuwa tunapakia naye. Yeye alipewa buti kazini, namba iliyokuwa imebaki. Zilikuwa ndogo. Wiki ya pili akaanza kuzivua ikifika mchana na kuvaa sandali. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu sote tulijua zinavyouma. Siku moja gogo likabingirika kutoka juu ya lori, likatua kwenye mguu wake. Vidole viwili vikavunjika. Buti zake zilikuwa hapohapo, zimening'inia kwa kamba kwenye ubavu wa lori.

Watu wakasema ni uzembe wake. Mimi nakataa. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, viatu vikiwemo pale vinapohitajika. Neno ni hilo, vinavyofaa. Buti ambayo mtu hawezi kuivaa mpaka saa kumi haifai, hata kama chuma chake kinaweza kuzuia gogo. Kuleta namba tatu tofauti, kuwapima watu jioni, na kukubali kubadilisha baada ya siku moja si gharama ya kumfilisisha mtu mwenye lori.

Mimi siku hizi navaa 43, na nilizinunua saa kumi na moja jioni. Muuzaji alinicheka nikichuchumaa katikati ya duka lake. Akaniambia tena, "Italegea tu." Nikamwambia, "Ngozi, ndiyo. Chuma, apana," nikaendelea kuchuchumaa.