Mwenye Nyumba Akikuuliza "Mnaendelea ama Mnatoka?", Mjibu

Wasee, leo nitawaambia vile nilipoteza elfu sita kwa kunyamaza.

Kabla sijarudi nyumbani Mkongani, nilikuwa nakaa Ukunda na washikaji wawili. Nilikuwa nimeshaacha chuo (hiyo ni stori ya siku nyingine). Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kodi 18,000 kwa mwezi, kila mtu anatoa 6,000. Dipoziti pia ilikuwa 18,000. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, unaisha tarehe 31 Desemba.

Tarehe 10 Novemba mama mwenye nyumba akatuma meseji kwa WhatsApp: "Vijana wangu, mkataba unaisha mwezi ujao. Mnaendelea ama mnatoka? Nijulisheni kabla ya tarehe 20."

Tukaisoma wote watatu. Hakuna aliyejibu.

Yani tulijiona wajanja. Desemba Diani inajaa wageni, na nyumba inaweza kulipiwa kwa siku badala ya mwezi. Kwa hivyo tukasema huyu mama anatafuta njia ya kututoa. Tukisema tunatoka, kesho ataanza kuleta watu kuangalia nyumba na sisi bado tumelala. Tukisema tunaendelea, atapandisha kodi. Basi tunyamaze, mwaka ukiisha tutajua.

Tarehe 27 Desemba mmoja wetu akatuambia amepata kazi Mombasa, anahama. Kumbe alijua tangu Novemba, lakini hakuna aliyemuuliza! Sisi wawili hatungeweza 9,000 kila mtu. Tukampigia mama: shikamoo mama, samahani, tunatoka mwisho wa mwezi. Akatuuliza kwa upole kama tulisoma mkataba. Kulikuwa na sentensi moja pale: anayetoka atoe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Sisi tulitoa siku nne. Dipoziti yote ikabaki kwake kama kodi ya Januari.

Nilikasirika sana, lakini leo nasema alikuwa na haki. Tungejibu tarehe 20 Novemba, ule mwezi ungetimia kabla ya tarehe 31 Desemba, naye angepata muda wa kutafuta mpangaji mwingine. Na kilichoniuma zaidi: swali lake lingetulazimisha kukaa chini na kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Yule jamaa angesema ukweli siku hiyo, labda hata tungepata mtu wa kuchukua nafasi yake.

Sasa sisemi uandike "tunaendelea" haraka haraka. Mama naye alikosea kitu kimoja: aliuliza bila kutaja bei. Ukisema ndiyo kabla hujajua kodi mpya, unakubali nini hasa? Mimi leo ningejibu hivi: "Shikamoo mama, tumepata ujumbe. Kabla hatujaamua, kodi itakuwa ngapi kuanzia Januari, na mkataba ni wa mwaka ama mwezi kwa mwezi? Tutakujibu kabla ya tarehe 20." Jibu kwa maandishi, hata kama mmeongea kwa simu. Simu haina ushahidi. Na kama mnatoka, andika tarehe yenyewe ya kutoka.

Kuna uongo pia unazunguka, eti ukinyamaza na ukabaki, mkataba unajirudia mwaka mwingine. Kama mkataba wenyewe hausemi hivyo, si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 60, inasema mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi yako kwa miezi miwili baada ya mkataba kuisha, mnahesabiwa kuwa mwezi kwa mwezi. Maana yake hawezi kukushikilia mwaka mzima, lakini pia wewe huna ule usalama wa mwaka mzima. Yeyote kati yenu anaweza kumaliza mambo kwa notisi ya mwezi. Kwa mtu ambaye hajui kama mwezi wa tatu atakuwa Ukunda ama Mombasa, hiyo ni sawa kabisa. Kwa mwenye mtoto shuleni, aombe karatasi mpya.

Ukiwa na kinyozi ama duka, usichanganye na haya. Biashara zina sheria yake, na notisi yake ni miezi miwili kwa fomu maalum. Meseji ya WhatsApp peke yake haikutoi dukani.

Hapa Mkongani chumba changu hakina mkataba wa karatasi. Sheria inanihesabu mwezi kwa mwezi. Kila tarehe tano mzee akija kuchukua kodi ananiuliza, "Kijana, mwezi ujao upo?" Namjibu hapo hapo, halafu nikifika ndani namtumia meseji ileile.