TAARIFA KWA WANACHAMA: HAKUNA ALIYEKULA SH. 1,530



Yameenea maneno hapa Usevya kwamba mweka hazina wetu amekula Sh. 1,530 kwenye bili ya simu ya tawi ya Mei 2024. Tunayakataa, na hesabu ni hii.

Ada ya mwezi ni Sh. 20,000. Hiyo hulipwa hata simu ikilala kabatini mwezi mzima. Matumizi yaliyozidi kifurushi ni Sh. 30,000. Jumla Sh. 50,000.

Wanaolalamika wamejumlisha ushuru wa bidhaa 17% na VAT 18%, wakapata 35%, yaani bili ya Sh. 67,500. Kodi haitozwi hivyo. Ushuru unatangulia: Sh. 8,500, jumla inakuwa Sh. 58,500. VAT inakokotolewa juu ya hiyo 58,500, siyo juu ya 50,000. Inakuja Sh. 10,530, na jumla ni Sh. 69,030. Tofauti ndiyo hiyo 1,530. Ni kodi juu ya ushuru, haikuingia mfukoni mwa mtu.

Mstari wa kuhoji ni wa mwisho: faini ya kuchelewesha bili ya Aprili, Sh. 3,000. Hiyo si kodi wala matumizi. Imetokana na michango iliyoletwa baada ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na baadhi ya wanaopiga kelele leo ndio waliochelewa.

Bili yenyewe ipo ofisini. Njooni na kikokotoo kabla ya kumchafua mtu.

Katibu wa Tawi,
Usevya