Taa ya Mashine ya Vyombo si Cheti cha Usalama wa Mtoto

Mashine ya kuoshea vyombo imeanza kuonekana katika baadhi ya nyumba za mijini, na pamoja nayo imekuja imani kwamba kitufe chenye neno la utakaso huua kila kidudu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini una mipaka, na kwa mtoto njiti aliyetoka wodini juzi mipaka hiyo ni jambo zito.

Kwanza, vitufe viwili vinavyofanana havifanyi kazi moja. Katika mashine nyingi, "Hi-Temp" huongeza joto la maji ya kuoshea ili mafuta na masalia yaliyoganda yatoke. Hakiahidi kuua vijidudu. "Sanitize" huongeza joto la maji ya suuza ya mwisho. Kwa kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 184, suuza hiyo lazima ifike angalau nyuzi joto 66 hivi za Selsiasi, na mzunguko mzima upunguze bakteria kwa asilimia 99.999. Mashine iliyothibitishwa huwasha taa pale tu masharti yanapotimia. Mlango ukifunguliwa katikati au umeme ukikatika, taa huenda isiwake. Hapo vyombo vimeoshwa, havijatakaswa.

Asilimia hiyo nayo yafaa ihesabiwe. Tuseme ubao uliokatiwa kuku mbichi una bakteria milioni moja wa Salmonela. Baada ya mzunguko kamili hubaki kumi hivi. Ubao ukikauka vizuri, kumi hao hawana pa kuendelea. Ukiachwa na unyevu na masalia jikoni kwenye joto, wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au hata chini ya hapo, na baada ya saa tano wakawa maelfu. Kwa hiyo kukausha ni nusu ya kazi. Isitoshe, hesabu hiyo huchukulia kwamba maji ya moto yamegusa kila mahali. Mfereji mwembamba uliochimbwa na kisu hubakiza mafuta na utando wa bakteria, na joto haliufikii kama linavyofikia uso laini. Ubao wa plastiki uliojaa makovu ya kisu ni wa kutupwa. Ubao wa mbao hupinda na kupasuka ndani ya mashine, na nyufa zake huwa maficho mapya; huo uoshwe kwa mkono na usimamishwe ukauke.

Chupa ya maziwa ina kanuni hiyo hiyo. Mama aliyeweka chupa nzima mashineni, chuchu ikiwa imefungwa ndani ya pete yake, ameosha nje tu. Mabaki ya maziwa chini ya pete hubaki palepale hata taa ikiwaka. Sehemu zote zitenganishwe na kusuuzwa kwanza, chupa ziinamishwe, vipande vidogo viwekwe katika kikapu chenye kifuniko, kisha vyote viachwe vikauke vyenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Vikifanyiwa hivyo kwa maji ya moto na ukaushaji wa joto, au kwa "Sanitize", hakuna haja ya kuvichemsha tena. Asiye na mashine achemshe sehemu hizo dakika 5 baada ya kuziosha. Hapungukiwi na kitu.

Kisichokufa ni spora. Basili sereusi na jamaa zake hujifungia katika ganda linalostahimili hata maji yanayochemka, sembuse nyuzi 66. Spora chache katika chupa kavu hazina madhara makubwa; hatari huanza maziwa yanapokaa vuguvugu kwa saa nyingi, zikaamka na kuzaana.

Hatari nyingine kubwa haimo kabisa katika chupa. Maziwa ya unga ya kopo si tasa, na bakteria wa Kronobakta wanaweza kuwamo. Wakimpata mtoto mchanga, hasa njiti au aliye chini ya miezi miwili, wanaweza kumletea homa ya uti wa mgongo na kumuua. Chupa iliyotakaswa vyema haibadilishi unga ulio ndani yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe upesi na kunywewa.

Kwa hiyo swali la muuguzi kliniki lisiwe "Je, unachemsha chupa?" Mama atajibu kwamba ana mashine, na mazungumzo yatakwisha. Aulizwe ni kitufe gani alichobonyeza, kama chuchu ilitenganishwa na pete, kama vyombo vilikauka, na maji aliyokorogea unga yalikuwa na joto kiasi gani. Swali la mwisho ndilo mashine haiwezi kumjibia.