Likizo bila malipo inakuja? Mwandikie mkopeshaji kabla mshahara haujasimama

Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, anapata siku 100. Nasi watu wa afya kila siku tunamwambia mama huyohuyo ampe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Piga hesabu: siku 84 ni wiki 12, na miezi sita ni kama wiki 26.

Sheria imejaribu kuziba pengo hilo. Mama akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Muuguzi anayeishi hatua chache kutoka zahanati ya Nyamongo anaweza kuzitumia saa hizo. Dada anayefanya kazi kwenye kambi ya wageni ndani ya Hifadhi ya Serengeti hawezi. Analala kwenye nyumba za wafanyakazi, anakaa huko wiki kadhaa ndipo atoke mapumziko, na mtoto yuko kwa mama mkwe Sirari, wilayani Tarime. Atoke lango la Ikoma, afike Mugumu, apite Nyamongo hadi Tarime mjini, ndipo ashike njia ya Sirari. Saa mbili zinaishia barabarani.

Dada mmoja wa namna hiyo, ambaye jina lake naliacha, aliamua mapema: siku 84 zikiisha ataomba likizo bila malipo hadi mtoto akaribie miezi sita. Mwajiri alikubali. Mume wake ana duka dogo Sirari, na chakula cha nyumbani kingepatikana. Kilichobaki ni mkopo wa benki aliochukua kujengea, unaokatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Mwenzake wa kambi hiyohiyo alikuwa amechukua likizo kama hiyo mwaka uliotangulia, akidhani ofisi ya mwajiri itaiarifu benki. Ofisi haikuarifu, na haikuwa na wajibu huo, kwa sababu mkataba wa mkopo ni kati ya mkopaji na benki. Mwajiri hukata tu na kupeleka. Mshahara uliposimama, makato nayo yalisimama, na kwenye mfumo wa benki akaonekana mtu asiyelipa. Mwezi wa pili wadhamini wake walipigiwa simu. Mume alipomtumia mke fedha za matumizi kwenye akaunti ileile, benki ikazikata zote kufidia rejesho. Aliporudi kazini alikuta adhabu ya ucheleweshaji, na taarifa zake zilikuwa zimeshafika kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, ambako kila mkopeshaji atamchungulia siku akiomba tena.

Dada yetu aliandika barua. Kabla ya kuandika alifanya mambo mawili, na ndiyo yaliyoipa barua nguvu.

La kwanza, alikaa na kalenda. Likizo yake ya uzazi ilianza tarehe 1 Machi 2025 na ingeisha tarehe 23 Mei. Likizo bila malipo ingeanza tarehe 24 Mei hadi 31 Agosti. Kwa hiyo marejesho yatakayokosa mshahara ni matatu: Juni, Julai na Agosti. Ila mwezi wa Mei una mtego, kwa sababu mshahara wake ni wa siku 23 tu. Alimuuliza mhasibu wa kambi kama kiasi hicho, baada ya makato mengine, kinatosha rejesho zima. Kilitosha. Kisingetosha, Mei nayo ingeingia kwenye ombi. Wengi huisahau, wanaanza likizo wakiwa tayari na nusu rejesho la deni.

La pili, alipiga hesabu ya gharama. Baada ya rejesho la Mei, salio lingekuwa shilingi 4,800,000 na marejesho 24 yangebaki, kila moja kama shilingi 239,600. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio, yaani shilingi 72,000 kwa mwezi. Watu husikia "kusitisha marejesho" wakafikiri deni nalo limelala. Haliko hivyo. Rejesho linasimama, riba inaendelea kutembea.

Akawa na njia tatu. Akisitisha kila kitu kwa miezi mitatu, riba inapandishwa juu ya deni na salio linafika kama shilingi 5,019,000. Mkopo ukisogezwa mbele miezi mitatu, atalipa kama 250,600 kwa mwezi, na mpaka mwisho atakuwa ameongeza kama shilingi 263,000. Akisitisha bila kusogeza tarehe ya mwisho, atalipa jumla ndogo kuliko hiyo, lakini rejesho litaruka hadi kama 280,400 wakati ndiyo kwanza anarudi kazini na anamtafutia mtoto msichana wa kumlea. Njia ya tatu ni kulipa riba pekee, 72,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kurudi kwenye rejesho lake la zamani na kusogeza mwisho wa mkopo miezi mitatu. Nyongeza yake yote ni shilingi 216,000.

Aliikalia na mumewe. Duka lingeweza kutoa 72,000 kwa mwezi, lisingeweza kutoa 239,600. Wakachagua njia ya tatu. Kama duka lisingekuwepo, njia ya kwanza ingekuwa sahihi, ingawa ni ghali zaidi. Na kama mkopo wako unatozwa riba ya moja kwa moja juu ya kiasi ulichochukua mwanzoni, kama wafanyavyo wakopeshaji wengi wadogo, hesabu hizi hazikuhusu. Muulize afisa mikopo akuandikie kila mwezi wa kusitisha utakugharimu shilingi ngapi.

Barua yenyewe aliipeleka tawini Tarime tarehe 10 Aprili, wiki sita kabla ya likizo bila malipo kuanza. Nimeondoa jina la benki na namba zake, mengine ni kama alivyoandika:

*Kwa Meneja wa Tawi.*

*YAH: OMBI LA KULIPA RIBA PEKEE KWA MIEZI MITATU, MKOPO NAMBA ...*

*Mimi ni mteja wenu na nina mkopo wa mshahara wenye namba iliyotajwa hapo juu. Marejesho yangu yote yamelipwa kwa wakati hadi Machi 2025.*

*Niko likizo ya uzazi yenye malipo hadi tarehe 23 Mei 2025. Kuanzia tarehe 24 Mei hadi 31 Agosti 2025 nitakuwa kwenye likizo bila malipo ambayo mwajiri wangu ameiridhia kwa barua iliyoambatishwa. Nitarudi kazini tarehe 1 Septemba 2025. Rejesho la Mei litakatwa kwenye mshahara kama kawaida.*

*Naomba kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti nilipe riba pekee, ambayo kwa hesabu yangu ni shilingi 72,000 kwa mwezi, na nitaiweka kwenye akaunti kabla ya tarehe 28 ya kila mwezi. Naomba rejesho kamili lianze tena na mshahara wa Septemba, na mwisho wa mkopo usogezwe kutoka Mei 2027 hadi Agosti 2027.*

*Naomba pia nijulishwe kwa maandishi: rejesho jipya litakuwa kiasi gani, kama kuna ada ya mabadiliko haya, kama bima ya mkopo itaendelea hadi tarehe mpya, na kwamba katika miezi hiyo sitahesabiwa kuwa nimechelewa.*

*Nimeambatisha barua ya mwajiri, hati za mshahara za miezi mitatu na ratiba ya sasa ya marejesho. Naomba jibu kabla ya tarehe 10 Mei ili mwajiri apate muda wa kurekebisha makato.*

Angalia kilichomo na kisichomo. Hakueleza uchungu wa kujifungua wala bei ya vyakula. Afisa mikopo hawezi kupeleka huruma kwenye kamati ya mikopo. Anapeleka tarehe, kiasi na ushahidi kwamba mshahara utarudi. Ndiyo maana barua ya mwajiri ni muhimu kuliko kiambatisho kingine chochote, na lazima itaje siku ya kurudi kazini. Barua inayosema tu "ameruhusiwa likizo" inaweza kusomeka kama mtu aliyeacha kazi.

Alibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki mbili baadaye aliitwa. Benki ilikubali, ikataka wadhamini wake wawili wasaini kwamba wanajua mkopo umesogezwa, kisha akasaini nyongeza ya mkataba na kupewa ratiba mpya. Mpaka hapo ndipo ombi limekubaliwa. Neno la afisa kwenye simu, "usijali mama, tumekuelewa", halimo kwenye mfumo, na afisa huyo anaweza kuhamishwa kesho.

Ni vizuri kujua pia kwamba hii si haki ya mkopaji; benki inaweza kukataa. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ililegeza masharti kwa benki zilizopanga upya mikopo ya wateja walioathirika, lakini hata wakati huo benki na mteja ndio waliokaa mezani. Anayekopa kwenye SACCOS apeleke ombi kwa bodi kupitia meneja, na aulize kikao kijacho ni lini, maana barua inaweza kusubiri mwezi mzima.

Mwisho wa Juni dada yetu alichukua taarifa ya akaunti akaangalia vitu vitatu: 72,000 zimeingia kama riba, hakuna mstari wa adhabu, na salio la mkopo bado ni 4,800,000. Ukiona adhabu, rudi tawini siku hiyohiyo na ratiba yako mpya, andika malalamiko na uchukue muhuri. Usiporidhika na jibu la benki, malalamiko ya mteja hupelekwa Benki Kuu, ambayo kwa kanda yetu ina tawi Mwanza.

Septemba alirudi kambini. Mtoto alikuwa amebakiza siku chache kufikisha miezi sita, na bibi yake alikuwa ameshaulizia kliniki uji wa kuanzia uwe mzito kiasi gani. Kwenye hati ya mshahara ya mwezi huo, kato la mkopo lilisomeka 239,600, kama la Mei.