Usitafsiri Mnyororo Mzima wa Barua Pepe, na Usitafsiri Barua ya Juu Peke Yake

Msimu uliopita wakulima saba wa kata yetu ya Naipingo walipanda bodaboda hadi Nachingwea mjini kufuata salfa ambayo haikuwapo. Nauli walilipa wao, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetafsiri barua pepe iliyosema `you` wanatakiwa kuchukua mzigo kabla ya Ijumaa, nikaandika "mnatakiwa kuchukua". Barua ile ilikuwa imesambazwa mara mbili kabla ya kunifikia. Huyo aliyeambiwa achukue mzigo hakuwa mkulima, alikuwa ofisa wa mkoa aliyeandikiwa mwanzo kabisa.

Tangu siku ile nina msimamo, na najua baadhi ya wenzangu maafisa ugani hawakubaliani nao. Mnyororo mrefu wa barua pepe hautafsiriwi wote. Lakini pia hutafsiri barua ya juu peke yake. Unatafsiri uamuzi unaosimama leo, pamoja na kipande cha chini kinachoufanya ueleweke, kisha unaacha mengine. Kazi kubwa ni kujua kipi ni kipi.

Nichukue mfano wa mnyororo mmoja nilioufanyia kazi mwezi Mei 2024. Viongozi wa chama cha msingi waliuomba kwa Kiswahili kwa ajili ya mkutano wa wanachama. Ulikuwa na barua 11, na ulipochapishwa ulifika kurasa 14. Ndani yake mlikuwa na mtaalamu wa kampuni ya pembejeo, ofisa wa mkoa, mtunza ghala, na maswali matatu ya katibu wa chama ambayo mtu fulani aliyageuza Kiingereza.

Hatua ya kwanza ni kusoma kutoka chini kwenda juu. Barua ya zamani ndiyo iko chini, kwa hiyo anayeanzia juu anasoma majibu kabla ya maswali. Kwenye Gmail bonyeza vile vitone vitatu mwisho wa barua, maana maneno yaliyonukuliwa hufichwa humo. Mipaka ya barua moja na nyingine utaitambua kwa mistari kama hii:

```
On Tue, 14 May 2024 at 15:12, ... wrote:
> 
>> 
---------- Forwarded message ---------
```

Alama moja ya `>` inamaanisha maneno hayo ni ya barua iliyojibiwa. Alama mbili ni ya barua iliyotangulia hiyo. Mstari usio na alama ni wa mwandishi wa sasa, hata kama umebanwa katikati ya maneno ya mwenzake. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu watu hujibu kwa kuchomeka maneno yao chini ya kila swali. Ukiruka sehemu iliyonukuliwa kwa kudhani ni marudio matupu, umeruka na majibu.

Katika mnyororo wangu mtaalamu alijibu swali la pili kwa maneno machache tu: ndiyo, ila hapo ni siku 21. Ukiyatafsiri hivyo ukampelekea mkulima, atakuuliza "ndiyo nini?" Swali lenyewe lilikuwa chini, kwenye sehemu iliyosambazwa: je, mwenye bomba la maji anaweza kutumia dawa ya maji ya ubwiriunga badala ya salfa ya unga? Kwa hiyo nililibeba swali nikaliunganisha na jibu lake kwenye sentensi moja. Swali la tatu, la nani atakusanya mifuko mitupu, halikujibiwa na yeyote. Hilo nalo nililiandika waziwazi kuwa halijajibiwa, maana mkulima asipoliona atadhani mimi ndiye nimelisahau.

Kipande cha chini kinaokoa pia neno la juu lenye utata. Barua ya mwisho, iliyokuwa na muhtasari wa ofisa wa mkoa, ilisema salfa ipulizwe `biweekly`. Neno hilo Waingereza wenyewe hulitumia kwa maana mbili: mara mbili kwa wiki, au mara moja kila wiki mbili. Kwa mkulima wa korosho tofauti hiyo ni kubwa. Mkorosho mmoja hupewa gramu 250 kwa mpulizo, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100 mara moja. Mwenye miti 100 akipuliza kila baada ya siku 14 atamaliza mifuko miwili kwa siku 28. Akipuliza mara mbili kwa wiki atamaliza minane kwa siku hizo hizo. Jibu lilikuwa barua ya kwanza kabisa, ambako mtaalamu alikuwa ameandika siku 14 kwa tarakimu. Neno la juu nikaliacha, nikachukua tarakimu ya chini. Hiyo ndiyo sababu sikubali ushauri wa "tafsiri ya juu tu, ya chini yameshapitwa na wakati". Mengine yamepitwa, mengine ndiyo msingi wenyewe.

Yapo pia matawi. Watu wawili wakijibu barua moja kila mmoja kwa wakati wake, mnyororo unagawanyika, na mkia wa barua ya mwisho unabeba tawi moja tu. Mtaalamu alisema lori litafika Alhamisi. Mtunza ghala alijibu barua ile ile pembeni, akabadilisha siku kuwa Jumatatu. Barua ya mwisho ilikuwa inasema tu kwamba tarehe ya pili ndiyo inayosimama, na chini yake tarehe ya pili haikuwamo hata kidogo. Dalili ni hiyo: barua inarejea jambo ambalo hulioni chini yake. Ukikutana nayo, rudi kwenye kisanduku chako utafute barua nyingine yenye kichwa hicho hicho. Usipoipata, muulize aliyekusambazia. Usikisie.

Niliipata, nayo ilikuwa imeandika `06/10/2024`. Kwa mazoea yetu hiyo ni tarehe 6 Oktoba. Kwa Mmarekani ni Juni 10. Nilifungua kalenda: Juni 10 mwaka ule ilikuwa Jumatatu, Oktoba 6 ilikuwa Jumapili. Isitoshe, Oktoba huku kwetu watu wanaokota korosho, hawasubiri lori la salfa. Hata hivyo nilipiga simu ghalani kuhakikisha, na katika tafsiri niliandika jina la siku na jina la mwezi, si tarakimu zenye mkwaju. Saa tatu ya asubuhi waliyoandika 9:00 nayo niliigeuza kwa hesabu yetu, maana nikiacha "saa 9" mzee wangu mmoja atakuja alasiri akute geti limefungwa.

Sasa turudi kwenye lile kosa lililowalipisha watu nauli. Katika barua iliyosambazwa, "mimi" si yule aliyekutumia, na "wewe" si unayesoma. Kiingereza kina `you` moja kwa mtu mmoja na kwa wengi, lakini Kiswahili kinakulazimisha uchague kati ya "u-" na "m-", na ukichagua vibaya umempa kazi mtu asiyehusika. Kabla sijatafsiri sehemu yoyote iliyosambazwa sasa naangalia mistari ya `From` na `To` ya kipande hicho chenyewe. Kisha siandiki "nitaleta" wala "mtachukua". Naandika cheo: mtunza ghala ataleta, ofisa wa mkoa atachukua. Tafsiri inapoteza ule urafiki wa barua, lakini hakuna anayepanda bodaboda bure.

Yanayobaki naacha bila kuona haya. Salamu, "asante, nimepokea" ambazo zilikuwa barua nne kati ya 11, sahihi zenye nembo, na tangazo refu la usiri linalojirudia chini ya kila barua. Namba za simu na anwani za watu waliokuwa kwenye nakala naziondoa kabisa. Wao hawakuandika ili wabandikwe kwenye ubao wa chama. Namba moja inabaki, ya mtu wa kuulizwa, na naibakiza baada ya kumwomba ruhusa.

Kurasa 14 zikawa hivi:

"Salfa ya unga itafika ghalani Jumatatu, Juni 10, saa 3 asubuhi (mtunza ghala, siku ya Alhamisi iliyotajwa kabla imefutwa). Kiasi ni gramu 250 kwa mti kila mpulizo, kila baada ya siku 14 (mtaalamu wa kampuni). Chama kiliuliza kama mwenye bomba la maji anaweza kutumia dawa ya maji badala ya salfa. Mtaalamu amejibu ndiyo, ila dawa ya maji inarudiwa baada ya siku 21. Swali la nani atakusanya mifuko mitupu halijajibiwa. Vilivyoachwa: salamu, shukrani na anwani. Barua zote 11 za Kiingereza ziko kwa katibu."

Sentensi mbili za mwisho ndizo jibu langu kwa mwenzangu anayeniambia kwamba kuacha ni hatari, kwamba siku mkulima akipata hasara nitaulizwa kwa nini sikutafsiri kila neno. Hofu yake naielewa. Lakini ukimpa katibu kurasa 14 za Kiswahili, atasoma ya kwanza, na humo alikuta Alhamisi. Kumkinga mkulima ni kumwambia nini kimeachwa na asili iko wapi, ili anayetaka kuhakiki ahakiki. Mkataba, hati ya shauri au barua ya malalamiko siikati namna hii. Huko kila neno lina uzito na inatafsiriwa nzima. Habari za pembejeo na mnada ni jambo jingine.

Mwenye mnyororo uliomshinda aje nao ofisini Jumanne au Alhamisi asubuhi. Aje na simu yenye barua zote, si karatasi ya juu peke yake.