Chapa ya tiba ya simu ni sauti ya kwanza anayoisikia mgonjwa

Vijana wetu wa Maskati, Dubai na London wanazidi kuanzisha huduma za kumwezesha mzee aliyeko Unguja au Mombasa kumwona daktari kwa simu. Ni jambo jema. Lakini ukiwauliza chapa yao ni ipi, watakuonyesha nembo: moyo wa kijani, kipimo cha daktari, na maneno ya "teknolojia ya kisasa". Sisi tunasema chapa ya huduma kama hii haiko kwenye nembo. Iko katika dakika chache za mwanzo, pale mtu ambaye hajawahi kutibiwa kwa simu anapoamua kama atamwamini yule asiyemwona.

Nimeyashuhudia haya kwa macho yangu nilipokwenda Unguja. Dada yangu mkubwa, miaka 71, alikuwa na siku ya tatu ya kichwa na kizunguzungu. Mwanawe aliyeko Maskati akamlipia huduma moja ya mtandaoni. Kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa, alijiandikisha kwa namba yake ya Omani, na kila mara dada akitaka kuingia, ile namba ya siri ya tarakimu sita ilikwenda Maskati. Kijana yuko kazini. Alipoiona na kuitupa huku, muda wake ulishakwisha. Mara ya pili ilikubali, na papo hapo kamera ikawaka yenyewe. Dada akajiona kwenye kioo, kichwa wazi, hana hata kanga mabegani. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

Upande wa pili sauti ikauliza, "Tatizo nini?" Hapakuwa na salamu wala jina. Dakika nne zikaisha, ikaja orodha ya dawa. Dada hakuzinunua. Nilipomuuliza kwa nini, akanambia, "Ntajuaje kama yule ni daktari? Sauti tu ile." Mie sikuwa na jibu.

Siku mbili baadaye mpwa wangu akanipigia: "Mjomba, tujaribu pengine." Hii ya pili, nembo yake hata siikumbuki. Ninachokikumbuka ni kwamba robo saa kabla ya daktari, muuguzi alipiga simu ya kawaida, si ya picha. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akataja jina lake, akasema anapiga kutoka Mombasa, akataja na jina la daktari atakayekuja na namba yake ya usajili, na akaniambia mimi niliyekaa pembeni niiandike. Kisha akamwuliza dada: kuna mtu hapo, na unataka abaki au atoke? Unapenda kuonekana, au sauti inatosha? Akamhakikishia kwamba hakuna picha itakayorekodiwa, na kwamba laini ikikatika asihangaike, yeye ndiye atakayepiga tena.

Halafu akaulizia kipimo cha presha. Kilikuwapo kabatini, kimeletwa kutoka Maskati, hakuna aliyekitumia. Akatuelekeza polepole: mama akae kwenye kiti, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono ulale mezani usawa wa kifua, akae kimya dakika tano. Tukapima: 178 kwa 102. Tukangoja kidogo, tukapima tena: 172 kwa 100. Dada alikuwa na maradhi makubwa siku zote hizo, na dawa za simu ya kwanza ziliandikwa bila mtu kuuliza presha yake.

Daktari alipokuja alizikuta namba zile tayari. Akauliza kama kuna ganzi upande mmoja, maneno kumponyoka, macho kufifia, kifua kubana. Dada akasema hapana. Kisha akasema maneno ambayo kwangu ndiyo chapa yenyewe: "Mama, hili sitalimaliza kwa simu. Unahitaji kusikilizwa moyo, kupimwa damu na mkojo, na uende leo hii. Na ukiona dalili moja katika hizo nilizokuuliza, usinipigie mimi. Nenda hospitali moja kwa moja." Akatuma barua fupi ya kumpelekea daktari wa huko. Jioni yake dada alianzishiwa dawa. Asubuhi yule muuguzi akapiga tena kuuliza kalalaje.

Nimefundisha miaka mingi, na najua mwanafunzi wa siku ya kwanza hasikilizi somo. Anamtazama mwalimu kama amemwita kwa jina lake. Mgonjwa wa mara ya kwanza naye ni hivyo hivyo. Teknolojia ilikuwapo katika huduma zote mbili, na pengine ile ya kwanza ilikuwa ya kisasa zaidi. Tofauti ni kwamba katika ile ya pili mashine zilikaa nyuma na mtu akatangulia.

Watatwambia wenye biashara kwamba muuguzi wa kupiga kabla ni gharama. Ni kweli. Lakini hatusemi apige kila mara. Apige ile mara ya kwanza tu. Wiki tatu baadaye dada aliingia mwenyewe, akabonyeza mwenyewe, na kamera akaiwasha mwenyewe akiwa amejitanda vizuri. Aliyeshikwa mkono siku ya kwanza hahitaji kushikwa siku ya tano. Aliyeachwa peke yake siku ya kwanza harudi tena, na pesa za kumtangazia zimepotea.

Jina nalo lina kazi yake. Wizara ya Afya ya Omani iliita programu yake Shifa, neno ambalo hata bibi wa Makunduchi analijua. Linganisheni na majina ya Kizungu yaliyounganishwa vipande viwili, ambayo mzee hawezi kuyatamka akimwomba mjukuu amfungulie. Jina la huduma lazima liweze kuitwa kwa sauti na mtu mwenye homa.

Ila jina zuri pia ni ahadi. Rwanda walikuwa na Babyl, iliyoanza 2016. Ilitumika hata kwa simu ndogo za tochi, watu zaidi ya milioni 2 wakajiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama ya Babylon huko Uingereza ikafilisika, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Mgonjwa alilijua jina tu, hakujua kwamba limesimama juu ya mizani ya kampuni iliyo mbali. Anayeanzisha huduma leo amweleze mteja mapema: siku tukifunga, faili lako utalipata wapi?

Kwa hiyo, nyinyi mnaolipa kutoka Ghuba, msidanganywe na rangi. Kabla ya kutoa riyali, pigeni wenyewe. Ulizeni jina la daktari na namba yake ya usajili, kisha mhakikishe kwa baraza la madaktari la nchi anakofanyia kazi. Kenya wana daftari lao mtandaoni, na Zanzibar ina baraza lake mbali na lile la Bara. Ulizeni namba ya siri itakwenda kwa simu ya nani. Na ulizeni ni maradhi gani wasiyoyatibu kwa simu. Wakijibu kwamba wanatibu kila kitu, kateni simu.

Na nyinyi mnaojenga, pale kwenye ukurasa wa kwanza futeni "teknolojia ya kisasa". Andikeni: "Muuguzi atakupigia kwanza, atakutajia jina lake." Kisha apige kweli.