Tulimpa fisi maiti zetu, kisha tukamwita mchawi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mukuyuni kwenye mazishi, jua la saa saba likitupiga utosini, mhubiri akaacha Maandiko na kuingia zizini. Fisi waliokula mbuzi watatu kijijini wiki ile, alisema, si fisi wa Mungu. Wametumwa, na aliyewatuma anajulikana. Macho ya watu yakamgeukia susu mmoja, bibi kizee aliyekaa peke yake chini ya mwembe. Nusura nimpokonye mhubiri kipaza sauti.

Lile zizi nililiona kwa macho yangu. Mlango ni kipande cha bati kilichofungwa kwa waya, na chini yake pana mwanya ambao hata mimi na kitambi changu ningepenya. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo za vidole vinne, na mbele ya kila kidole alama ya kucha. Chui huficha kucha zake akitembea, fisi hawezi. Mifupa haikuonekana, yalibaki majani ya tumboni tu. Mbele kidogo palikuwa na kinyesi kikavu cha siku za nyuma, cheupe kama chaki, kwa kuwa fisi hutafuna mifupa na chokaa yake hutokea huko nyuma. Sasa niambieni, mchawi anayepaa usiku anahitaji mwanya wa bati wa nini?

Tena hata uongo wetu haupatani. Jioni sisi Wakamba tunawasimulia watoto kuhusu mbiti, yaani fisi, aliyesikia harufu ya nyama kwenye njia mbili, akaweka miguu huku na huku mpaka akapasuka katikati. Watoto wanacheka mpumbavu huyo. Usiku wa manane mpumbavu huyohuyo anakuwa gari la wachawi! Wambugwe kule karibu na Ziwa Manyara walikwenda mbali zaidi: kwao kila fisi ana mchawi anayemfuga, anayemkamua na kumpanda. Fisi hawezi kuchagua njia panda, lakini anaweza kukumbuka nyumba ya adui yako? Chagueni moja.

Hofu hii ilianzia kwetu wenyewe. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa na Wakamba mwaka 1911 na 1912, aliandika mambo ambayo wazee wetu waliyajua: waliochimbiwa kaburi ni wazee wenye heshima, wengine walipelekwa porini. Nani aliwamaliza huko? Mbiti. Tulimwajiri bila mshahara, akafanya kazi usiku kama tulivyotaka, asubuhi boma likawa safi. Halafu mjukuu akakutana na mnyama aliyemla nyanya yake. Angempenda? Na mchawi naye, kwa imani yetu, hutembea usiku akitafuta maiti. Tukawakuta wote wawili porini, tukasema ni marafiki. Hapo ndipo kesi ilipoanzia, na shahidi wa pekee alikuwa aliyetupa maiti.

Kuna wakati tulimkumbuka kwa wema. Mama aliyefiwa na watoto alimwita anayefuata Mbiti, kana kwamba ameshatolewa kwa fisi, ili kifo kisimtamani. Padre John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na aliyechapisha hadithi za Wakamba mwaka 1966, alilibeba jina hilo mpaka madhabahuni. Mhubiri wetu angemkemea?

Nilipomaliza kusema haya nje ya hema, mzee mmoja akanijia: "Lakini fisi anacheka kama mtu!" Mzee wangu, kicheko kile mara nyingi ni cha fisi anayefukuzwa au kupigwa na wenzake kwenye nyama. Kasuku naye anaongea kama mtu, mbona hatujamchoma moto? Mwingine akasema fisi ana jinsia mbili. Hapana. Jike la fisi madoa lina kiungo kinachofanana na cha dume, na huzaa kupitia hicho hicho. Tena jike ni kubwa kuliko dume na ndilo linalotawala kundi. Nashuku hilo ndilo linalowatisha wazee wetu.

Na ninyi vijana mnaojiita Timu Mafisi kwa kukimbiza wasichana, mmechafua jina la mnyama anayejua kukaa chini ya amri ya mama. Wabunge sisemi.

Simwambii mtu amfuge fisi. Ana meno, na anaua. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaja miongoni mwa wanyama ambao madhara yao hufidiwa, kwa mtu na kwa mifugo. Kwa hiyo mbuzi akiliwa, usifagie uwanja. Piga picha za nyayo, mwite afisa wa wanyamapori, kisha ziba ule mwanya kwa mawe na miiba mpaka chini. Madhara ya mchawi hayafidiwi na sheria yoyote.

Yule susu chini ya mwembe nilimsalimia kabla sijaondoka. Mmoja wa wale mbuzi watatu alikuwa wake.